Kuhesabu mikufu ya shanga inayozunguka: mwongozo kamili wa lema ya Burnside

Chukua shanga sita, kila moja iwe nyekundu (N) au bluu (B), uzitunge kwenye uzi kisha ufunge ncha mbili ziwe duara. Mikufu tofauti inayowezekana ni mingapi?

Jibu la haraka ni 2^6 = 64, kwa sababu kila nafasi ina chaguo mbili. Lakini mkufu uliofungwa hauna mwanzo wala mwisho. Mpangilio ulioandika NNBBBB kwenye karatasi, ukiusogeza hatua moja shingoni, unasomeka BNNBBB, na bado ni mkufu uleule. Kwa hiyo 64 inahesabu mikufu ileile mara nyingi.

Hapo wengi hugawanya 64 kwa 6, kwa kuwa kuna namna sita za kuuzungusha. Wanapata 10 na baki 4. Baki hilo ndilo la kulitazama vizuri kabla ya kanuni yoyote. Kugawanya kwa 6 kunachukulia kwamba kila mkufu umeandikwa mara sita hasa kati ya ile mipangilio 64. NNBBBB kweli unaandikwa kwa namna sita. Lakini NNNNNN unaandikwa kwa namna moja tu, maana hata ukiuzungusha vipi haubadiliki, na NBNBNB unaandikwa kwa namna mbili tu. Mikufu yenye marudio ndani yake ina nakala chache, na ukigawanya kwa 6 unaipunja. Jibu sahihi ni 14, na kazi ya lema ya Burnside, kanuni ya kuhesabu iliyothibitishwa, ni kurekebisha upungufu huo bila kulazimika kuorodhesha mikufu yote.

Lema hii watu wengi huiita ya Burnside, kwa sababu mwanahisabati William Burnside aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1897. Mwenyewe aliinasibisha kwa Frobenius, aliyekuwa ameitoa mwaka 1887, na Cauchy alikuwa ameigusa tangu 1845. Ukikuta imeitwa kwa jina jingine, jua ni ileile.

Lema yenyewe, na kwa nini ni kweli

Tuite *familia* mipangilio yote inayopatikana kwa kuzungusha mpangilio mmoja. Mkufu mmoja ni familia moja. Na tuseme mpangilio *unatulia* chini ya mzungusho fulani ikiwa, baada ya kuuzungusha hivyo, rangi zinasomeka vilevile kama mwanzo. Lema inasema:

```
idadi ya familia = (jumla ya mipangilio inayotulia, kwa kila mzungusho) / (idadi ya mizungusho)
```

Ili uione ikifanya kazi, anza na shanga nne na rangi mbili, ambapo mipangilio ni 16 tu. Chora jedwali. Safu mlalo ziwe ile mipangilio 16, safu wima ziwe mizungusho minne: hatua 0, 1, 2 na 3. Weka alama ya vema kila mahali ambapo mpangilio unatulia chini ya mzungusho huo.

Hesabu vema kwa kwenda mlalo. NNNN unatulia chini ya mizungusho yote, kwa hiyo una vema 4. BBBB vilevile 4. NBNB unatulia kwa hatua 0 na hatua 2, vema 2, na mwenzake BNBN vema 2. Mipangilio 12 iliyobaki inatulia kwa hatua 0 peke yake, vema 1 kila mmoja. Jumla ni 4 + 4 + 2 + 2 + 12 = 24.

Sasa tazama vema hizo kwa familia. Familia ya NNNN ina mpangilio mmoja wenye vema 4. Familia ya NBNB ina mipangilio miwili yenye vema 2 kila mmoja, jumla 4. Familia ya NNNB ina mipangilio minne yenye vema moja moja, jumla 4 tena. Kila familia, iwe kubwa au ndogo, inakusanya vema 4 kamili. Basi vema 24 zimetoka kwa familia 24 / 4 = 6.

Si bahati. Mpangilio unaorudi ulivyokuwa kwa mara ya kwanza baada ya hatua p (na p lazima iwe kigawo cha n, idadi ya shanga) una wenzake p katika familia, ukijihesabu na wenyewe, na kila mmoja wao anatulia chini ya mizungusho n/p. Zidisha: p mara n/p ni n. Familia ikipungua wanachama, kila mwanachama anaongezewa vema kufidia.

Faida inakuja pale unapohesabu vema zilezile kwa kwenda wima. Safu ya hatua 0 ina 16, ya hatua 1 ina 2, ya hatua 2 ina 4, ya hatua 3 ina 2. Jumla ni 24 ileile. Tofauti ni kwamba kwenda wima hakuhitaji kuorodhesha chochote, kwa sababu idadi ya mipangilio inayotulia chini ya mzungusho mmoja inapatikana kwa hesabu fupi sana.

Kupata idadi inayotulia kwa mzungusho mmoja

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo twende taratibu. Rudi kwenye shanga sita na uzipe nafasi namba 0, 1, 2, 3, 4, 5. Chukua mzungusho wa hatua 4. Ushanga wa nafasi 0 unakwenda nafasi ya 4. Wa nafasi ya 4 unasogea hatua nne, unapita mwanzo na kuangukia nafasi ya 2. Wa nafasi ya 2 unarudi 0. Kitanzi kimefunga: 0 → 4 → 2 → 0. Nafasi zilizobaki zinafanya kitanzi cha pili: 1 → 5 → 3 → 1.

Mpangilio utatulia chini ya mzungusho huu ikiwa tu nafasi zote za kitanzi kimoja zina rangi moja. Nafasi ya 0 ikiwa nyekundu, rangi hiyo inahamia 4, kwa hiyo 4 lazima ilikuwa nyekundu tangu awali, na 2 vivyo hivyo. Ukishachagua rangi moja kwa kila kitanzi, mpangilio mzima umejulikana. Vitanzi ni viwili, rangi ni mbili, basi inayotulia ni 2^2 = 4.

Kwa ujumla, ukizungusha shanga n kwa hatua h, idadi ya vitanzi ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, cha n na h. Sababu ni nyepesi: kutoka nafasi ya 0 unaruka h, h, h, na unarudi 0 pale tu jumla ya miruko inapogawanyika kwa n. Hilo linatokea kwa mara ya kwanza baada ya miruko n/KKS, huo ndio urefu wa kila kitanzi, na nafasi n zikigawanywa kwa urefu huo zinabaki vitanzi KKS. Kwa rangi r, mipangilio inayotulia ni r^KKS(n, h).

Kwa hatua 0, chukua KKS(n, 0) = n. Hakuna kinachosogea, kila nafasi ni kitanzi chake, na mipangilio yote r^n inatulia.

Hesabu nzima: shanga sita

Andika mizungusho yote sita, kila mmoja na vitanzi vyake. Usiruke hata mmoja:

- hatua 0: vitanzi 6, inayotulia 64
- hatua 1: kitanzi 1, inayotulia 2
- hatua 2: vitanzi 2, inayotulia 4
- hatua 3: vitanzi 3, inayotulia 8
- hatua 4: vitanzi 2, inayotulia 4
- hatua 5: kitanzi 1, inayotulia 2

Jumla ni 84, na 84 / 6 = 14.

Kwa rangi tatu weka 3 badala ya 2: 729 + 3 + 9 + 27 + 9 + 3 = 780, na 780 / 6 = 130. Vitanzi havibadiliki rangi zikiongezeka, kwa hiyo orodha ya vitanzi ukishaiandika mara moja inatumika kwa idadi yoyote ya rangi.

Makosa mawili hutokea hapa mara kwa mara. La kwanza ni kusahau hatua 0, kwa kuona kwamba kutozungusha si kuzungusha. Ukiiacha unapata jumla ya 20, na jibu linakuwa dogo kupita kiasi. La pili ni kuhesabu hatua 4 na 5 kama marudio ya 2 na 1 kwa kuwa ni zilezile kwenda upande wa pili. Ni kweli zina idadi ileile ya vitanzi, lakini ni mizungusho tofauti na kila mmoja ana safu yake kwenye jedwali.

Shanga zikiwa nyingi, si lazima upitie hatua moja moja. Hatua zenye KKS sawa zinakusanywa pamoja. Kwa kila kigawo d cha n, hatua zenye KKS = n/d ni nyingi kama namba kati ya 1 na d ambazo hazishirikiani kigawo chochote na d zaidi ya 1. Kwa shanga 12 na rangi mbili, vigawo ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, na idadi za hatua ni 1, 1, 2, 2, 2 na 4. Ukizijumlisha idadi hizo ni lazima upate 12, na huo ni ukaguzi mzuri kabla ya kuendelea. Hesabu inakuwa 4096 + 64 + 2×16 + 2×8 + 2×4 + 4×2 = 4224, na 4224 / 12 = 352.

Idadi ya shanga ikiwa namba tasa, mambo yanakuwa mepesi kabisa: kila hatua isipokuwa 0 ina kitanzi kimoja. Shanga 7, rangi mbili: (128 + 6×2) / 7 = 20.

Ukiwa na idadi maalumu ya kila rangi

Katika shughuli halisi, fundi hana shanga zisizokwisha. Tuseme anazo nyekundu tatu na bluu tatu, na lazima zote zitumike. Lema ni ileile, ila sasa mpangilio unaotulia ni lazima uwe na idadi hizo hizo.

Hatua 0: chagua nafasi 3 kati ya 6, mipangilio 20. Hatua 1 na 5: kitanzi kimoja chenye nafasi sita, rangi moja tu inaingia, kwa hiyo 0. Hatua 2 na 4: vitanzi viwili vyenye nafasi tatu tatu, kimoja kiwe chekundu na kingine cha bluu, namna 2 kwa kila hatua. Hatua 3: vitanzi vitatu vyenye nafasi mbili mbili. Nyekundu zingeingia kwa jozi, yaani 0, 2, 4 au 6. Tatu ni witiri, haiwezekani, kwa hiyo 0.

Jumla ni 20 + 2 + 2 = 24, na 24 / 6 = 4. Ni michache, unaweza kuiandika yote: NNNBBB, NNBNBB, NNBBNB, NBNBNB. Mitatu ya kwanza ina nakala sita kila mmoja, wa mwisho mbili, jumla 20. Hesabu imefunga.

Mtego wa sehemu hii ni kuangalia idadi ya vitanzi na kusahau urefu wake. Rangi zisipokuwa na kikomo, urefu hauna kazi. Zikiwa na kikomo, urefu ndio unaoamua kila kitu.

Mkufu ukiweza kupinduliwa

Hadi hapa tumezungusha tu. Hiyo ni sahihi kwa kitu chenye upande wa mbele na wa nyuma, kama sahani iliyochorwa ukingoni. Shanga za mviringo kwenye uzi ni jambo jingine: ukiuvua mkufu na kuuvaa upande wa pili, mpangilio unasomeka kinyumenyume. Ukitaka kuhesabu hiyo pia kuwa mkufu uleule, ongeza mapinduo. Kwa shanga n kuna mizungusho n na mapinduo n, na unagawanya kwa 2n.

Pinduo linafanyika kuzunguka mstari unaopita katikati ya duara. Kwa shanga sita mistari ni sita, na si ya aina moja. Mitatu inapita kwenye shanga mbili zinazotazamana. Shanga hizo hazisogei, nne zilizobaki zinabadilishana mbili mbili, kwa hiyo vitanzi ni 4 na inayotulia ni 16. Mitatu mingine inapita katikati ya shanga na shanga. Zote sita zinabadilishana, vitanzi ni 3 na inayotulia ni 8. Mapinduo yanaleta 3×16 + 3×8 = 72. Ukijumlisha na 84 ya mizungusho unapata 156, na 156 / 12 = 13.

Kutoka 14 hadi 13, ni mikufu miwili tu iliyoungana. Ni ile NNBNBB na NNBBNB ya sehemu iliyopita. Soma wa kwanza kinyume: BBNBNN. Uzungushe uanze na NN na unapata NNBBNB. Mingine yote kumi na miwili ikisomwa kinyume inajirudia yenyewe.

Sasa angalia kosa hili kwa makini, maana halijionyeshi. Mtu akidhani mistari yote sita ni ya aina ya kwanza, anapata 84 + 96 = 180, na 180 / 12 = 15. Akidhani yote ni ya aina ya pili, anapata 84 + 48 = 132, na 132 / 12 = 11. Majibu yote mawili ni namba kamili, na yote mawili si sahihi. Baki linakuambia umekosea, lakini kukosekana kwa baki hakukuhakikishii kuwa umepatia. Hapa 15 unaweza kuikataa papo hapo, kwa kuwa mapinduo huunganisha familia na hayawezi kuzidisha 14. Ile 11 itapita bila kushtukiwa usipoorodhesha. Tofauti ya aina mbili ipo kwa n shufwa peke yake. Kwa n witiri kila mstari unapita kwenye ushanga mmoja na vitanzi ni (n + 1)/2.

Kosa jingine ni kuchukua mizungusho sita na pinduo moja tu, kisha kugawanya kwa 7. Lema inadai seti ya mageuzi iliyokamilika: mageuzi mawili yakifuatana, matokeo yawemo ndani ya seti, na kila geuzi liwe na la kulirudisha. Pinduo moja likifuatiwa na mzungusho linazaa pinduo jingine, kwa hiyo yakiingia, yanaingia yote. Na mkufu wenye kifungo cha chuma kinachoonekana una mwanzo unaojulikana. Huo hauzungushwi, na usipopinduliwa jibu lake ni 64 ileile.

Kuhakiki kwa kompyuta

Andika njia mbili zisizotegemeana, moja kwa lema na nyingine kwa kuorodhesha. Ya pili inaiwakilisha kila familia kwa mpangilio wake mdogo kuliko yote:

```python
from math import gcd
from itertools import product

def kwa_lema(n, r):
    jumla = sum(r ** gcd(n, h) for h in range(n))
    assert jumla % n == 0
    return jumla // n

def kwa_kuorodhesha(n, r):
    return len({min(m[h:] + m[:h] for h in range(n))
                for m in product(range(r), repeat=n)})

for n in range(1, 9):
    for r in range(1, 4):
        assert kwa_lema(n, r) == kwa_kuorodhesha(n, r)
```

Programu ikimaliza bila kulalamika, njia mbili zimekubaliana kwa kila n hadi 8 na r hadi 3. Usiipandishe sana njia ya kuorodhesha: shanga 20 za rangi tatu ni mipangilio zaidi ya bilioni tatu.

Katika mashindano ya programu, jibu hutakiwa kama baki baada ya kugawanya kwa M, mara nyingi 1000000007. Hapo ndipo programu nyingi zilizo sahihi huharibika, kwa sababu jumla ikishapunguzwa kwa M haigawanyiki tena kwa n kwa njia ya kawaida. Jaribu na M = 11 kwa zile shanga sita. Jumla 84 inaacha baki 7. Ukigawanya 7 kwa 6 na kutupa baki unapata 1, ilhali 14 inaacha baki 3. Dawa ni kuzidisha kwa kinyume cha 6, yaani namba ambayo ikizidishwa na 6 inaacha baki 1. Kwa M = 11 namba hiyo ni 2, na 7×2 = 14 inaacha 3, ndiyo sahihi. Kwenye Python kuanzia toleo la 3.8:

```python
def kwa_baki(n, r, M=1000000007):
    jumla = sum(pow(r, gcd(n, h), M) for h in range(n))
    return jumla * pow(n, -1, M) % M
```

Kinyume hicho kipo tu ikiwa n na M hazishirikiani kigawo zaidi ya 1. Zikishirikiana, `pow` itakataa na kutoa `ValueError`. Katika hali hiyo kokotoa jumla kwa baki ya n×M, igawanye kwa n kawaida, na unachopata ndilo baki la jibu kwa M.